Pale Konsonanti Inapokalia Kiti cha Irabu

(Hotuba hii ilitolewa katika mkutano wa walimu na wanafunzi wa lugha. Inachapishwa kwa ukamilifu kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.)

Walimu wenzangu, wanafunzi wapendwa, na ndugu zangu nyote mnaoipenda lugha,

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kukaa katika jopo la kusahihisha mashairi ya wanafunzi. Shairi moja lilitufikia likiwa tayari limekatwa alama, na pembeni mwa ubeti wa kwanza msahihishaji alikuwa ameandika kwa wino mwekundu kwamba kipande kimepungua mizani mbili. Kipande chenyewe kilisema hivi: "mtoto wa mtu huyu." Msahihishaji alikuwa amehesabu irabu, akapata sita. Mtunzi alikuwa amehesabu kwa vidole huku akighani, kama alivyofundishwa na wakubwa zake, akapata nane: m, to, to, wa, m, tu, hu, yu. Tuliketi tukabishana kwa muda mrefu kuliko shairi lenyewe lilivyohitaji, na mwisho alama zilirudishwa. Lakini swali lililobaki mezani siku ile ndilo lililonileta mbele yenu leo. Sote tulifundishwa kwamba kila silabi ina irabu. Kama ni hivyo, ile m ya "mtu" inapata wapi haki ya kuhesabiwa?

Nianze na silabi yenyewe. Kila silabi ina kilele, yaani mahali ambapo sauti inavuma zaidi kuliko pembeni mwake, na kilele hicho wanaisimu hukiita kiini cha silabi. Kwa kawaida kiini ni irabu. Katika "paka" tunazisikia a mbili zikivuma, na p na k zinakuja kuufunga mvumo huo na kuufungua tena. Hata hivyo, katika lugha nyingi ziko konsonanti zinazoweza kukikalia kiti hicho cha katikati bila irabu yoyote kuwa pamoja nazo, na hizo ndizo konsonanti silabi. Zinazoonekana zaidi kitini hapo ni nazali, kama m na n, pamoja na l, ambayo tunaiita kitambaza, na r. Kwa nini hizi, na si p, t au k?

Ndugu zangu, jibu la kwanza limo mwilini, na nawaomba tulitafute pamoja hapa hapa. Fumbeni midomo, mvumishe m ndefu. Endeleeni. Sasa, bila kuacha kuvuma, kila mmoja aibane pua yake kwa vidole viwili. Mmesikia? Mvumo umekatika papo hapo. Mwaka mmoja nilifanya jaribio hili darasani, na mwanafunzi aliyekaa mbele aliinua mkono akaniambia, "Mwalimu, kumbe m hutokea puani!" Nami nilimwambia kwamba amekwisha kueleza nusu ya somo la siku ile.

Nyuzi za sauti kooni hutetema kwa sababu hewa ya mapafuni inasukuma kutoka chini na kupita juu yake. Hewa hiyo ikikosa pa kutokea, msukumo wa juu ya nyuzi unapanda hadi kulingana na ule wa chini, na mtetemo unakoma. Hicho ndicho kinachotupata tukitaka kurefusha b: midomo imefungwa, pua imefungwa kwa ndani na kaakaa laini, hewa inajaa kinywani, na baada ya sehemu ndogo sana ya sekunde sauti inazimika. Katika p na t mambo ni magumu zaidi, kwa maana nyuzi hazitetemi kabisa wakati wa kufunga. Lakini m ni tofauti. Midomo imefungwa kama ya b, ila kaakaa laini limeshuka na njia ya pua iko wazi, kwa hiyo hewa inapita kwa utulivu na nyuzi zinatetema kwa muda wowote tunaoutaka. Kwa l, ncha ya ulimi imeugusa ufizi, lakini pembeni mwa ulimi pako wazi, na hewa inapita huko. Katika sauti zote mbili kuna kizuizi kinywani, ndiyo maana tunaziita konsonanti, na katika zote mbili kuna mlango wa pili ulioachwa wazi, ndiyo maana zinaweza kuvuma kama irabu.

Kuvuma huko kunaleta jambo jingine ambalo kiini cha silabi hulihitaji, nalo ni kubeba kiwango cha sauti, yaani kupanda na kushuka. Mama akimbembeleza mtoto huimba wimbo mzima kwa m tupu, na mtoto anautambua. Je, yupo anayeweza kuuimba wimbo huo kwa p? Hata s haiwezi, ingawa tunaweza kuirefusha mpaka pumzi ituishie, kwa sababu s ni mkwaruzo wa hewa bila mtetemo wa nyuzi. Katika Kichina cha Kikantoni, neno la "tano" ni ng peke yake, pasipo irabu mbele wala nyuma, nalo hutamkwa kwa sauti inayopanda kutoka chini. Ukiitamka ng hiyo hiyo kwa sauti ya chini inayoshuka, umetaja jina la ukoo ambalo watu wengi wanalo. Maneno mawili, konsonanti moja, na tofauti yote imebebwa na ng yenyewe, kama ambavyo ingebebwa na irabu.

Basi tunaweza kuzipanga sauti kwa ukubwa wa mvumo wake. Juu kabisa ziko irabu, zikifuatwa na w na y, kisha r na l, kisha nazali, kisha vikwamizi kama z na s, na chini kabisa vipasuo kama b, p na t. Lugha hutofautiana katika kuamua ngazi inayotosha kukalia kiti. Nyingi zinakubali irabu tu. Baadhi zinashuka hadi l na r, au hadi nazali. Na katika Kitashlhiti, lugha ya Kiberberi ya kusini mwa Moroko, wanaisimu François Dell na Mohamed Elmedlaoui walionyesha mwaka 1985 kwamba sauti yoyote inaweza kuwa kiini, mradi iwavumie zaidi majirani zake, hata ikiwa yenyewe ni kikwamizi au kipasuo. Kwa hiyo mvumo ni jambo la kulinganisha. Sauti haitazamwi peke yake, bali inatazamwa pamoja na inayoitangulia na inayoifuata.

Mpaka hapa mtadhani kazi imekwisha: m inavuma kuliko t, basi katika "mtu" m ni kilele, na kilele ni silabi. Ndugu zangu, mimi pia niliridhika hivyo kwa miaka kadhaa, na aliyenitoa katika uradhi huo ni mwanafunzi mmoja mgeni aliyekuwa akijifunza Kiswahili. Alikuwa akisoma kwa sauti habari iliyoanza kwa maneno "Mbuni huyu." Habari yenyewe ilimhusu mtu aliyebuni mashine, lakini alivyoitamka, darasa zima lilimwona ndege mkubwa mwenye shingo ndefu. Hakukosea herufi hata moja. Alikosea silabi.

Hebu tulitazame neno hili polepole, maana mimi naliona kuwa na faida kuliko mfano mwingine wowote tulio nao. Mbuni ndege ana silabi mbili: mbu-ni. Mbuni anayebuni ana silabi tatu: m-bu-ni. Vilevile mbuni, mti unaozaa buni, una silabi tatu. Mkazo hautusaidii kuwatenganisha, kwa kuwa katika maneno yote matatu unaangukia bu, silabi ya pili kutoka mwisho. Tofauti iko kwenye m. Katika ndege, m ni fupi, imeshikamana na b, na zote mbili zinatoka kama sauti moja inayofungua silabi. Katika mbunifu wetu na katika mti, m ni ndefu zaidi, inajitegemea, na ina pigo lake yenyewe. Ukiwa na shaka, tafuta wingi: wabuni, mibuni. Irabu inajitokeza pale pale m ilipokuwa. Wingi wa ndege ni mbuni vilevile, na hakuna irabu inayojitokeza.

Sasa ulizeni swali gumu. Katika maneno haya matatu, m inafuatwa na b ile ile. Mvumo wa m ni ule ule, na mvumo wa b ni ule ule. Kama mvumo ndio ungeamua peke yake, maneno yote matatu yangekuwa na silabi sawa. Hayako hivyo. Tena tazameni "mlango." Katika ngazi yetu l iko juu ya m, kwa hiyo m hapo si kilele hata kidogo, ni mtu anayepanda kilima kuelekea kwa jirani yake. Hata hivyo tunasema m-la-ngo, silabi tatu, na mshairi anayezihesabu mbili atapungukiwa. Je, ni nini kinachoipa m ya "mlango" kiti ambacho mvumo peke yake haukuipa?

Kinachoipa ni historia ya kiti chenyewe. Lugha nyingi za Kibantu mpaka leo husema muntu au omuntu, na Kiswahili nacho kilirithi kiambishi mu. Katika kiambishi hicho, u ni irabu ya juu na fupi, nayo hutamkwa kwa midomo iliyokusanywa, hali m yenyewe ni sauti ya midomo. Midomo ilipokuwa imekwisha kufungwa kwa m, haikuwa shida kuiacha u isitamkwe waziwazi, na polepole ikapotea mbele ya konsonanti. Lakini muda wake haukupotea. Pigo lililokuwa la u likabaki, na aliyekuwa karibu, mwenye uwezo wa kuvuma, akalichukua. Ndiyo maana m ya "mtu," "mlango," "mrefu" na "mmoja" ni silabi. Na ndiyo maana m ya ndege mbuni, ya mbuzi na ya mbegu si silabi: m hiyo inatokana na kiambishi cha nazali ambacho hakikuwa na irabu ya kupoteza baada yake, kwa hiyo hapakuwa na kiti kilichoachwa wazi.

Mnaweza kuuthibitisha ukweli huu kwa kutazama mahali u ilipokataa kupotea. Katika "mwana" na "mwandishi," kiambishi ni kile kile cha "mtu," lakini kilikutana na irabu, u ikageuka kuwa w, na kiti kikachukuliwa na a. M ya "mwana" si silabi: tunasema mwa-na, silabi mbili. Katika "muumba" u ilibaki, na hapo pia m haina haja ya kubeba kitu. Kiambishi kimoja, hali tatu, na m inakuwa kiini pale tu ambapo kiti kimebaki bila mwenyewe.

Kwa hiyo, wenzangu, nasisitiza mambo mawili yasichanganywe. Mvumo unaipa konsonanti uwezo wa kuwa kiini. Nafasi iliyoachwa na irabu inaipa sababu ya kuwa kiini. Vitabu vyetu vingi vya shule hutaja la kwanza na kuliacha la pili, na mwanafunzi anabaki akikariri kwamba "m wakati mwingine ni silabi" bila kujua ni wakati gani.

Iko sababu nyingine katika Kiswahili, na ni lazima niitaje kwa sababu bila hiyo neno "mbwa" litatusumbua. Mbwa ni wa ngeli ile ile ya mbuzi, wingi wake ni mbwa, wala hakuna irabu iliyopotea kati ya m na b. Kwa hoja yangu ya historia, lilipaswa kuwa neno la silabi moja. Lakini sikilizeni: m-bwa, na mkazo uko juu ya m. Ndivyo ilivyo pia kwa nchi, nta, nne na nge. Sababu ni kwamba mkazo wetu unaihitaji silabi ya pili kutoka mwisho, na neno lenye shina la silabi moja halina silabi hiyo. Nazali ikasimamishwa iwe ya pili. Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayotufanya tuseme "kula!" tunapoamrisha, badala ya kuliacha shina peke yake. Na pale tunaposema "alimpa," mkazo unakaa juu ya m, katikati ya neno, nayo inaubeba sawasawa na irabu yoyote. Mgeni anayesema a-li-mpa, akiuweka mkazo kwenye li, hueleweka, lakini sikio la mwenyeji hulisikia kosa kabla akili haijalitaja.

Mmenivumilia na m. Sasa nije kwa l, ambayo Kiswahili hakiipi kiti hata siku moja, na kwa hiyo inatubidi tuitafute kwa jirani. Kwa Wacheki, mbwa mwitu ni vlk. Hakuna irabu. Msifikiri kwamba wanaficha irabu fulani kati ya v na l. Ulimi unakwenda kwenye ufizi, l inavuma, kisha k inaifunga, na l ndiyo kilele. Katika Kislavi cha kale palikuwa na irabu fupi sana kabla ya l hiyo, ikapotea, na l ikashika mahali pake. Ni habari ile ile ya muntu na mtu, katika lugha zisizohusiana kabisa.

Kiingereza nacho kina l ya namna hii mwishoni mwa maneno mengi, na ushahidi wake tunaupanda kila siku. Neno lao la baiskeli huishia kwa sauti za kl, na l ndiyo kiini cha silabi ya mwisho. Katika maandishi yao iko e, lakini imeandikwa baada ya l, wala haitamkwi. Waswahili wa kwanza kulichukua neno hilo wangelifuata maandishi, wangesema kitu kama "baisikle." Hawakufanya hivyo. Walisema -keli: waliweka e kabla ya l, na i baada yake. Kwa nini? Kwa sababu walilifuata sikio. Sikio lilisikia kwamba baada ya k kuna mvumo, kuna pigo, kuna silabi, na kwa kuwa lugha yetu haikubali l iukalie mvumo huo, wakamtafutia irabu. Mimi huliona neno hili kuwa ushahidi bora kuliko mashine yoyote ya maabara, kwa sababu waliolitoa hawakuwa na nadharia ya kuilinda.

Konsonanti inaweza kukaa kitini kwa karne nyingi, kisha irabu ikarudi na kukichukua. Mwaka 1873 katika mji wa Geneva, mvulana wa shule aitwaye Ferdinand de Saussure alikuwa akisoma Kigiriki, na katika maandishi ya Herodoto alikutana na neno tetakhatai, "wamepangwa." Akashangaa. Alikwisha kujua kwamba "tunasemwa" ni legometha, na "wanasemwa" ni legontai. Mwisho wa wingi wa nafsi ya tatu ni -ntai. Na "tumepangwa" ni tetagmetha. Basi kwa nini "wamepangwa" si tetakhntai? N imekwenda wapi, na a imetoka wapi?

Mvulana yule alilijibu swali kwa kuwaangalia majirani wa n. Katika legontai, n imetanguliwa na irabu o, kwa hiyo haina mzigo. Katika tetakh-n-tai, n imebanwa kati ya konsonanti mbili zenye mvumo mdogo kuliko wake. Hapo n ilikuwa lazima iwe kiini cha silabi, na Wagiriki wa baadaye wakaigeuza kuwa a. Hakulichapisha wazo hilo. Alidhani bila shaka wataalamu wanalijua. Mwaka 1876 alikwenda kusoma Leipzig, na alipofika aliulizwa maoni yake kuhusu makala mpya ya mwanaisimu Karl Brugmann iliyozua mjadala mkubwa. Makala ile ilidai kwamba lugha mama ya Kihindi-Kiulaya, yaani lugha ya kale iliyozaa Kigiriki, Kilatini, Kisanskriti na ndugu zao, ilikuwa na nazali silabi.

Wazo hilo ndilo lililofungua fumbo la neno la "kumi." Kilatini husema dekem, Kigiriki deka, Kisanskriti dasha, Kigothi tehun. Mwisho wa maneno haya haulingani: em, a, a, un. Hakuna irabu moja inayoweza kuyazaa yote manne. Lakini wekeni m silabi mwishoni, dek-m, kama m yetu ya "mtu," na kila moja linaeleweka: Mlatini aliiongezea e mbele, Mgothi u, naye m ikawa n, na Mgiriki na Mhindi wakaiacha nazali ipotee na kubakiza irabu a mahali pake. Silabi ni mbili katika kila lugha, kama zilivyokuwa mbili hapo mwanzo, hata pale ambapo m yenyewe haisikiki tena.